Mistari mitano ambayo Hajji ataiamini: kufupisha matokeo ya kampeni ya matangazo

Kila Januari nyundo za Katwe, hapa Kampala, hazilali. Shule za bweni zinakaribia kufunguliwa, na mzazi anayempeleka mtoto kidato cha kwanza anahitaji godoro, ndoo, ufagio na sanduku la chuma lenye kufuli. Mteja wangu mmoja hutengeneza masanduku hayo. Ni mzee aliyekulia Bombo, Kiswahili ndiyo lugha yake ya nyumbani, na kila mtu pale karakana humwita Hajji.

Kampeni yetu ya kwanza, ya Facebook, Instagram na redio, ilipokwisha nilimpelekea ripoti ya kurasa kumi na moja yenye michoro ya rangi. Alisoma ukurasa wa kwanza, akavua miwani, akaniuliza, "Mwanangu, hawa watu laki tatu na nusu walikuja lini? Mbona mimi sikuwaona?"

Sikuwa na jibu. Nilirudi ofisini, nikazifungua tarakimu upya, na ndani yake nikakuta makosa matatu. Tangu siku hiyo nimekuwa nikiandika mistari mitano tu. Mwongozo huu unaonyesha ninavyoifikia mistari hiyo, kwa kutumia kampeni hiyo hiyo ya masanduku. Tarakimu nimezibadilisha ili nisianike biashara ya mtu, lakini hesabu zinakwenda kama zilivyokwenda.

Kwanza, uliza ni uamuzi gani unaosubiri

Kabla ya kugusa tarakimu yoyote, mpigie mteja umuulize atafanya nini na matokeo hayo. Hajji alikuwa na maswali mawili. La kwanza, je, atangaze tena kabla ya muhula wa pili, mwezi Mei? La pili, je, redio ibaki au iondoke?

Maswali hayo yanakuonyesha kinachostahili kuingia kwenye muhtasari na kinachotakiwa kubaki kwenye faili lako. Idadi ya waliobonyeza alama ya kupenda haijibu swali lolote kati ya hayo mawili, kwa hiyo haiingii. Hata video iliyotazamwa sana haiingii. Nilisikitika kuiacha, maana ilikuwa nzuri, fundi akipinda bati mbele ya kamera. Lakini Hajji hawezi kuamua jambo lolote kwa kujua hilo.

Pili, funga tarehe

Kampeni yetu ilianza 13 Januari ikaisha 2 Februari, siku 21. Tarehe hizo ziandike juu ya karatasi, halafu kila chanzo ukisome kwa tarehe hizo hizo: ukurasa wa matangazo, simu ya WhatsApp, ujumbe wa pesa za simu na kitabu cha risiti. Ukichukua wiki tatu za matangazo na mwezi mzima wa mauzo, muhtasari wako utakuwa na uongo ambao hukuukusudia.

Angalia pia saa ya akaunti ya matangazo. Niliwahi kurithi akaunti iliyokuwa imewekwa saa za Los Angeles. Siku ya pale huanza saa kumi au kumi na moja baada ya yetu, hivyo matangazo ya asubuhi ya Kampala yalikuwa yanaandikwa kwenye tarehe ya jana. Na kampeni ikiisha, usichukue tarakimu usiku ule ule. Mimi hungoja siku tatu, kwa sababu zile za siku za mwisho huendelea kurekebishwa.

Tatu, waliofikiwa

Hapa ndipo laki tatu na nusu zilipozaliwa. Nilikuwa nimechukua waliofikiwa wiki ya kwanza, 98,000, nikajumlisha na wa wiki ya pili, 121,000, na wa wiki ya tatu, 130,400. Jumla ilikuwa 349,400. Hesabu ya kujumlisha ilikuwa sahihi. Kosa ni kwamba haikupaswa kufanywa. Mama wa Ntinda aliyeliona tangazo wiki ya kwanza akaliona tena wiki ya pili na ya tatu nilimhesabu mara tatu.

Safu ya `Reach` inahesabu akaunti zilizoona tangazo angalau mara moja ndani ya kipindi ulichochagua, kwa hiyo vipindi viwili havijumlishwi, na kampeni mbili hazijumlishwi. Ukitaka jibu la wiki tatu, chagua wiki tatu zote kwa pamoja kwenye kalenda, uache mfumo wenyewe uondoe waliorudiwa. Nilipofanya hivyo nilipata 214,300.

Karibu yake kuna `Impressions`, ambayo ni idadi ya mara tangazo lilivyotokea kwenye skrini. Yetu ilikuwa 771,480. Gawa hiyo kwa waliofikiwa upate 3.6, yaani kwa wastani kila akaunti iliona tangazo mara tatu au nne. Watu wengi huandika `Impressions` kwenye mstari wa waliofikiwa kwa sababu ndiyo tarakimu kubwa zaidi. Ukiona ripoti inasema watu laki saba na ushee wamefikiwa kwa bajeti ndogo, anza kuitilia shaka hapo.

Sasa pima kama tarakimu yako inaingia akilini. Sensa ya 2024 ilihesabu watu wapatao milioni 1.8 Kampala na milioni 3.4 Wakiso. Hiyo ni milioni 5.2 kwa pamoja, na karibu nusu ya Waganda ni watoto. Wakibaki watu wazima milioni 2.6 hivi, akaunti 214,000 ni sawa na mmoja kati ya kumi na wawili. Hilo linawezekana. Kama tarakimu ingetoka milioni mbili kwa fedha tuliyotumia, ningerudi kutafuta kosa.

Kuna jambo la Uganda ambalo mtu wa Nairobi au Dar es Salaam hataliwaza. Facebook ilifungwa hapa Januari 2021, siku chache kabla ya uchaguzi mkuu, na tangu wakati huo watu wengi huingia kwa VPN. Mwenye VPN anaweza kuonekana kana kwamba yuko Uholanzi au Marekani huku amekaa Wandegeya akisubiri chapati. Matokeo yake ni mawili. Tangazo ulilolielekeza Uganda linaweza kumkosa mteja aliye hatua mia moja kutoka dukani. Na ule mgawanyo wa maeneo, unaosema asilimia fulani ilikuwa Wakiso na fulani Mukono, hauna msingi wa kutosha. Mimi siuandiki kwenye muhtasari hata mteja akiuomba. Nikitaka kujua wanunuzi wanatoka wapi, naangalia masanduku yalipelekwa wapi.

Kwa hiyo andika "akaunti zipatazo 214,000", usiandike "watu 214,300". Mtu mmoja anaweza kuwa na akaunti mbili, simu moja inaweza kutazamwa na familia nzima, na mfumo wenyewe unasema kwamba hiyo ni makadirio. Makadirio yakiandikwa hadi tarakimu ya mwisho huonekana kama hesabu kamili, na msomaji makini atakuuliza uliwahesabu vipi.

Redio iweke peke yake. Tulilipia matangazo 20 ya sekunde thelathini kwa Kiganda, asubuhi na jioni. Kituo kilipotupa orodha ya muda wa kurushwa, matangazo yaliyothibitishwa yalikuwa 19. Nikaandika 19 kati ya 20. Sikuandika idadi ya wasikilizaji, kwa sababu ile aliyonipa mtu wa mauzo wa kituo ni ya kituo kizima, na hakuna aliyehesabu waliosikia tangazo letu. Kuichukua na kuijumlisha na akaunti za Instagram ni sawa na kujumlisha magunia na lita.

Nne, walionunua

Matangazo yetu yalimpeleka mtu moja kwa moja WhatsApp. Ukurasa wa matangazo ulionyesha `Messaging conversations started` 1,912, na katika ripoti ile ya kwanza niliwaita hao "wateja 1,912". Hilo lilikuwa kosa la pili, na ndilo lililonifundisha zaidi.

Mazungumzo 1,912 si watu 1,912. Mfumo unahesabu mazungumzo mapya pale ambapo zimepita angalau siku saba bila ujumbe kati yenu. Mzazi aliyeuliza bei katikati ya Januari, akanyamaza, akarudi mwisho wa mwezi baada ya kupata mshahara, amehesabiwa mara mbili. Katika kampeni ya siku 21 hilo hutokea mara nyingi, hasa kwa bidhaa ambayo watu huuliza mapema na kununua siku za mwisho.

Kisha kuna waliogusa bila kukusudia. Anayebonyeza tangazo hukuta ujumbe umeandikwa tayari, `Hello! Can I get more info on this?`, naye anautuma kwa kidole kimoja. Ukimjibu, hakujibu tena. Hao walikuwa mamia.

Basi tarakimu ya kweli iko kwenye simu ya duka. WhatsApp Business ina lebo zake, zikiwemo `New customer`, `Pending payment` na `Paid`. Tulikuwa na wasichana wawili wakijibu ujumbe, na niliwapa kanuni moja tangu siku ya kwanza: `New customer` anaipata mtu aliyeandika neno lake mwenyewe, hata kama ni "bei gani?" tu. Ujumbe ule wa kubonyeza haupati lebo. `Pending payment` ni aliyechagua ukubwa na rangi. `Paid` haiwekwi mpaka fedha imeonekana.

Kanuni hiyo lazima iwekwe kabla kampeni haijaanza. Ukijaribu kubandika lebo mwishoni, utasoma mazungumzo karibu elfu mbili usiku kucha na bado utakisia. Kama umechelewa, afadhali useme waziwazi kwamba idadi ya walioulizia haijulikani, uandike ya waliolipa tu.

Mwisho wa siku 21 tulikuwa na watu 1,240 walioulizia kweli, na 171 waliolipa. Gawa 171 kwa 1,240 upate kama 14 kwa kila 100.

Zingatia nimegawa kwa nini. Ningeweza kugawa kwa akaunti 214,000 nipate sehemu ndogo isiyofika moja kwa elfu, au kwa yale mazungumzo 1,912 nipate tisa kwa mia. Zote ni hesabu halali, lakini zinajibu maswali tofauti. Hajji anataka kujua kama watu wake wakiulizwa bei wanauza, ndiyo maana nagawa kwa walioulizia. Cha muhimu ni kuwa mstari wenyewe useme wazi: "kati ya 1,240 walioulizia, 171 walilipa". Ukiandika "kiwango cha kununua ni asilimia 14" bila kusema asilimia 14 ya nani, umemwachia msomaji nafasi ya kudhani lolote.

Lebo ya `Paid` nayo huwa na makosa, kwa hiyo ilinganishe na fedha. Hapo utakutana na tatizo la majina. Mama anaulizia kwa simu yake, baba anatuma kwa MoMoPay kutoka simu nyingine, au shangazi aliye Mbale anapeleka fedha kwa wakala na jina linalotokea ni la wakala. Ukilinganisha namba za simu peke yake utapoteza wanunuzi wengi. Linganisha kiasi na tarehe, na waombe wanunuzi watume namba ya muamala kwenye WhatsApp kabla sanduku halijapakiwa kwenye boda au basi. Kwetu, watu 9 walikuwa wamebandikwa `Paid` bila fedha kuonekana popote. Niliwatoa, ndipo wakabaki hao 171.

Kwa redio tulitumia namba ya simu ambayo haikuandikwa mahali pengine popote. Nakusihi ufanye hivyo kila mara, kwani laini ya simu ni bei ndogo sana. Ilipigwa na watu 58, wakanunua 16. Wapo pia waliosikia tangazo wakaja moja kwa moja Katwe bila kupiga simu. Hao sikuwapata, na katika muhtasari nimesema "simu za redio" ili mtu asidhani nimehesabu kila aliyesikia.

Jumla ni wanunuzi 187 na masanduku 203, kwa sababu wengine walikuwa na watoto wawili.

Tano, fedha

Kosa la tatu. Ukurasa wa matangazo ulisema `Amount spent` dola 560. Nikatafuta bei ya dola kwenye mtandao, nikaona 3,650, nikazidisha nikapata shilingi 2,044,000. Nilifurahi kuwa tumetumia chini ya makisio yetu ya 2,400,000.

Taarifa ya benki ilikuwa na habari nyingine. Benki ilikata kwa bei yake ya kadi, 3,750 kwa dola, na kwenye ankara kulikuwa na VAT ya asilimia 18 juu yake. Hesabu ilikuwa hivi:

```
560 x 3,750      = 2,100,000
2,100,000 x 1.18 = 2,478,000
```

Tofauti kati ya nilichodhani na kilichotoka ni shilingi 434,000. Kwa karakana ya Katwe hizo ni bati za masanduku mengi. Kwa hiyo fedha isome kwenye taarifa ya benki na kwenye ankara, si kwenye skrini ya matangazo. Kama mteja amesajiliwa kwa VAT, mpe mhasibu wake nakala ya ankara aone la kufanya, lakini wewe andika kilichotoka.

Halafu ongeza kila kitu ambacho kampeni ilikula. Redio 1,000,000. Picha na video 400,000. Bando na muda wa maongezi wa wale wasichana wawili 150,000, ambapo tulikuwa tumetenga 200,000. Jumla 4,028,000, dhidi ya bajeti ya 4,000,000. Tulizidisha kwa 28,000, na iandikwe hivyo hivyo. Nimeona watu wakificha kiasi kidogo kama hicho kwa kuhamisha gharama ya picha kwenye "maandalizi". Mteja akikuta 28,000 umezificha, hataamini zile milioni nne nyingine.

Gawa 4,028,000 kwa wanunuzi 187: kila mnunuzi aligharimu takriban shilingi 21,500. Ukitenganisha njia mbili, picha inabadilika. Mnunuzi wa WhatsApp aligharimu kama 17,700, nikiingiza picha, video na bando upande huo. Mnunuzi wa simu ya redio aligharimu 62,500. Sanduku linauzwa 110,000 na linagharimu 78,000 kulitengeneza, kwa hiyo linabakiza 32,000. Hapo swali la pili la Hajji limeshapata jibu lake.

Sita, nani angenunua hata hivyo

Hatua hii wengi huiruka, na ndiyo inayotofautisha muhtasari wa kuaminika na tangazo la kujisifu. Januari ni msimu wa masanduku. Kuna wazazi walioona tangazo letu, wakaandika WhatsApp, wakalipa, ila wangekuja Katwe hata kama tusingetumia shilingi moja, maana walinunua hapo kwa mtoto wa kwanza.

Nilimwomba Hajji daftari la mauzo la msimu uliopita. Tahadhari: usilinganishe tarehe kwa tarehe. Siku ya kufungua muhula husogea kidogo kila mwaka, na mauzo yote huifuata siku hiyo. Hesabu siku 21 kurudi nyuma kutoka siku ya kufungua shule, mwaka huu na mwaka uliopita.

Mwaka uliopita duka liliuza masanduku 190 katika siku hizo. Mwaka huu, kwa njia zote, 341. Ongezeko ni 151, na sisi tunasema kampeni iliuza 203. Inaelekea basi kwamba masanduku 50 hivi kati ya yetu yangeuzika tu. Sina hakika, kwa sababu mwaka mmoja si sawa na mwingine. Pengine shule iliongeza wanafunzi, pengine mshindani alifunga. Kwa hiyo naandika faida kama masafa. Nikihesabu ongezeko pekee, 151 mara 32,000, nikatoa gharama ya kampeni, inabaki 804,000. Nikihesabu yote 203, inabaki 2,468,000. Ukweli uko katikati hapo, na Hajji anaweza kuamua akiwa na mipaka yote miwili.

Saba, andika

Hii ndiyo iliyokwenda kwa Hajji, kwenye ujumbe wa WhatsApp:

> Hajji, shikamoo. Kampeni ya masanduku, 13 Januari hadi 2 Februari.
>
> Waliofikiwa: akaunti zipatazo 214,000 za Facebook na Instagram, kila moja kwa wastani mara tatu au nne. Redio ilirusha matangazo 19 kati ya 20 tuliyolipia. Wasikilizaji hawakuhesabiwa.
>
> Walionunua: watu 1,240 waliulizia WhatsApp, 171 wakalipa. Simu za redio 58, wakanunua 16. Jumla wanunuzi 187, masanduku 203.
>
> Fedha: tumetumia 4,028,000. Bajeti ilikuwa 4,000,000, dola na kodi vilizidi makisio. Kila mnunuzi wa WhatsApp amegharimu kama 17,700, wa simu ya redio 62,500.
>
> Kilichobaki: duka zima limeuza masanduku 341, msimu uliopita 190. Baada ya gharama ya kampeni, faida ni kati ya laki nane na milioni mbili na nusu.
>
> Pendekezo: Mei tutangaze WhatsApp peke yake kwa nusu ya fedha, redio tuipumzishe mpaka Januari.

Ukiitazama utaona nilivyochagua kuzungusha. Kilichokadiriwa, kama akaunti, kimezungushwa na kupewa neno "zipatazo". Kilichohesabiwa kwa mkono, kama 171 na 16, kimeachwa kama kilivyo. Fedha iliyotoka imeandikwa yote, kwa sababu atailinganisha na benki. Gharama ya kila mnunuzi imezungushwa, kwa sababu imetokana na kugawa. Msomaji hahitaji kufundishwa kanuni hiyo. Anaihisi tu kwamba aliyeandika anajua ni kipi amekihesabu na ni kipi amekikisia.

Maneno nayo yana uzito. Nimeandika "wakalipa", sikuandika "kampeni ilizalisha". Nimeandika "wasikilizaji hawakuhesabiwa" badala ya kuacha nafasi tupu, maana nafasi tupu mteja huijaza mwenyewe, na kwa kawaida huijaza kwa matumaini. Na sikuweka wastani wa bei ya mazungumzo, ambao kwenye skrini ulikuwa unavutia sana, senti 29 za dola. Ungemfanya Hajji aone kila mteja amepatikana kwa shilingi elfu moja, wakati ukweli ni mara kumi na saba ya hapo.

Kabla ya kutuma, fanya ukaguzi mmoja: chukua kila tarakimu kwenye ujumbe uweke kidole kwenye karatasi au picha ya skrini iliyoitoa. Nina bahasha kwa kila kampeni yenye picha ya ukurasa wa matangazo na tarehe ikionekana, picha ya orodha ya lebo, orodha ya kituo cha redio, taarifa ya benki na ukurasa wa daftari la mauzo. Tarakimu isiyo na karatasi inatoka kwenye ujumbe. Mara moja nililazimika kuondoa mstari mzima wa faida kwa mteja mwingine kwa sababu hakuwa na daftari la mwaka uliopita. Nikaandika "hatuna mauzo ya mwaka jana ya kulinganisha", nikamwanzishia daftari.

Hajji alipiga simu jioni ile. Hakuuliza juu ya akaunti 214,000. Aliuliza, "Hilo tangazo moja la redio ambalo halikurushwa, fedha yake iko wapi?" Nikamwambia nimeshawaandikia kituo, wamekubali kulirusha mwezi Mei bila malipo. Akasema, "Basi liandike kwenye karatasi ya Mei, lisije likasahaulika," na akaanza kuniuliza kama nusu ya fedha ni milioni mbili kamili au ni milioni mbili na kodi juu yake.